Zoezi: Mbolea, palizi na kigeu kilichoachwa nje

Mavuno ya mahindi (Y, magunia) hutegemea mifuko ya mbolea (X) na idadi ya palizi (Z):

Y = 4 + 2X + 3Z

Mashamba manne ya kubuni: X = 0, 1, 2, 3; Z = 1, 1, 2, 2; Y = 7, 9, 14, 16. Mtafiti hakuandika Z. Akikadiria Y kwa X peke yake, atapata mteremko gani?

Jibu. Anayenunua mbolea hupalilia zaidi: Z = 0.9 + 0.4X + v, ambapo v ni sehemu ya Z isiyohusiana na X. Weka ndani ya Y:

Y = 6.7 + (2 + 3×0.4)X + 3v

Mteremko ni 3.2, si 2. Hakikisha kwa data: jumla ya mikengeuko ya X kutoka wastani wake mara ile ya Y ni 16, jumla ya miraba ya mikengeuko ya X ni 5, na 16/5 = 3.2. Ziada ya 1.2 ni jasho la jembe lililohesabiwa kuwa mbolea, na kuongeza mashamba hakuiondoi uhusiano huo ukibaki. Kama X na Z zisingehusiana, ingekuwa sifuri.