Kulwa Yumo Kwenye Makoti

Jumapili, saa nane mchana, barazani Bwiru, Mwanza. Hamburg bado ni saa sita. Bibi yuko Ujerumani tangu Novemba kwa binti yake aliyejifungua. Wiki hii amepewa simu ya zamani ya binti huyo, na leo kwa mara ya kwanza amepiga Wasapu ya picha mwenyewe.

BIBI: Haloo! Kulwa! Nakuona. Na babu yako namwona hapo nyuma. Mbona bado yumo ndani ya shati lile lile?

KULWA: Shikamoo bibi!

BIBI: Haloo? Midomo inacheza, sauti sina.

KULWA: Bibi, unanisikia?

BIBI: Sikii kitu, mjukuu wangu. Nakuona unapanua mdomo kama sato kwenye beseni.

BABU: Mwambie akate apige upya.

KULWA: Nitamwambiaje na hanisikii? Halafu akikata anaweza kushindwa kurudi. Sisi tunamsikia, babu, japo kwa mbali. Hapo pa kuanzia tunapo. Nipe ile kalenda ya mwaka jana na kalamu nene.

(Anaandika nyuma ya kalenda, anaisogeza mbele ya simu: BIBI, MIMI NAKUSIKIA. USIKATE.)

BIBI: Ngoja miwani. "Bibi... mimi... nakusikia. Usikate." Haya, sikati.

BABU: Lakini hapa kwenye kioo maandishi yako yamegeuka.

KULWA: Yamegeuka kwetu tu. Simu inatuonyesha sura zetu kama kioo cha ukutani. Kwake yanafika sawasawa, umesikia amesoma.

(UBAVUNI MWA SIMU KUNA KITUFE KIREFU. BONYEZA UPANDE WA JUU MARA NYINGI. KIFUPI USIGUSE.)

BIBI: Kirefu... nimekiona. Nabonyeza. Kuna mstari umetokea, unajaa. Umejaa hadi mwisho. Sema sasa.

KULWA: Shikamoo bibi!

BIBI: Bado kimya. Labda ni masikio yangu?

(MASIKIO YAKO HAYANA TATIZO. NI SIMU. TUNA MUDA WA KUTOSHA.)

BIBI: Asante, baba. Ngoja kidogo, naona mtoto anajigeuza, nisije nikamwamsha. Natoka huku mlangoni. Leo kuna theluji, Kulwa, nje kote ni kama mtu kamwaga unga wa muhogo. Mama yako mdogo yuko zamu, anarudi jioni...

KULWA: Babu, umesikia?

BABU: Theluji.

KULWA: Hapana, sauti yake. Mwanzo alikuwa kama anaongea ndani ya pipa. Sasa amekuja karibu, na simu haijatoka mkononi mwake. Kama maiki ingekuwa ni ya simu, kutembea kusingebadilisha chochote.

(BIBI, RUDI SEBULENI HUKU UNAHESABU. HALAFU RUDI MLANGONI.)

BIBI: Kuhesabu? Haya. Moja, mbili, tatu, nne, tano...

KULWA: Anapotea.

BIBI: ...sita, saba, nane, tisa. Nimerudi mlangoni.

KULWA: Na sauti imerudi naye! Kuna kitu hapo mlangoni kinachomsikiliza.

(HAPO UKUTANI KUMETUNDIKWA NINI?)

BIBI: Makoti. Mwavuli. Begi la mtoto. Na vile vidude vya masikioni vya mama yako mdogo, vikubwa, kama vifuniko.

KULWA: Hedifoni! Babu, simu ilikuwa yake. Zilishaunganishwa zamani na hazijazimwa. Simu inadhani bibi amezivaa, kwa hiyo sauti yangu inapelekwa huko, na maiki inayosikiliza ni ya huko.

BABU: Na kile kitufe alichobonyeza?

KULWA: Ameongeza sauti ya hedifoni, siyo ya simu.

(WEKA SIKIO KWENYE HIVYO VIDUDE.)

KULWA: Bibi. Bibi. Ni mimi, Kulwa.

BIBI: Yesu wangu! Kulwa yumo kwenye makoti!

KULWA: Nimo, bibi. Shikamoo.

BIBI: Marahaba, marahaba! Kumbe muda wote ulikuwa unaongea na ukuta.

BABU: Basi si avivae tu tuongee?

KULWA: Akivaa vyote viwili hatamsikia mtoto akilia. Na kesho mama mdogo akienda navyo kazini sijui itakuwaje. Bibi, weka kimoja sikioni, sikio la pili liache kwa mtoto. Nitakuongoza tuvizime kwenye simu.

BIBI: Nimeweka. Sasa unasikika vizuri.

KULWA: Sawa. Weka kidole juu kabisa ya kioo cha simu, pale penye saa. Kisha shusha kidole chini, kama unavuta pazia. Litatokea pazia lenye alama. Sura yangu itafunikwa, usishtuke, sijaondoka.

BIBI: Navuta... Hakuna. Umebaki wewe.

KULWA: Umeanzia chini kidogo. Anzia ukingoni kabisa, pale kioo kinapokutana na fremu.

BIBI: Eheee. Limeshuka. Umepotea, lakini nakusikia.

KULWA: Vizuri sana. Nisomee alama moja moja. Usibonyeze, nitajie tu.

BIBI: Ya kwanza ni vipinde, kimoja juu ya kingine, vinakwenda vinakua.

KULWA: Hiyo ndiyo inayokuletea mtandao wa nyumbani. Ukiizima, na mimi nazimika. Iache.

BIBI: Nyingine ni ndege.

KULWA: Usimguse kabisa. Huyo anakata kila kitu.

BIBI: Sawa. Halafu... hii nyingine ni B. Lakini B gani hii, imechongoka, na kushoto ina vimikia viwili.

KULWA: Hiyo hiyo! Pameandikwa Bluetooth. Ina rangi?

BIBI: Ina buluu.

KULWA: Maana yake inafanya kazi. Sasa iguse mara moja tu, kwa wepesi, kama unavyojaribu joto la uji. Rangi ikitoka, toa hedifoni sikioni, maana mimi nitahama.

BIBI: Utahamia wapi?

KULWA: Nitakuja kwenye simu.

BIBI: Haya... nimegusa. Rangi imetoka. Kulwa? ... Kulwa?

KULWA: Nipo hapa, bibi.

BIBI: Yupo! Yupo mkononi! Lakini unanong'ona.

KULWA: Kile kitufe kirefu, bonyeza tena juu. Safari hii unaongeza ya simu yenyewe.

BIBI: Nabonyeza... Oo! Sasa umejaa nyumba nzima. Ngoja nipunguze, mtoto.

KULWA: Sukuma lile pazia lirudi juu, utaniona. Na mama mdogo akirudi mwambie umezima Bluetooth, asije akafikiri hedifoni zake zimekufa. Akitaka kuzitumia na simu hiyo ataiwasha. Siku sauti ikipotea tena, kabla ya yote itazame ile B kama ina rangi.

BIBI: B yenye mikia. Nimeshika. Umenivumilia, mume wangu, Mungu akuweke. Haya, nipe huyo mzee.

BABU: Mwadila.

BIBI: Mwadila! Mbona hukunijibu kuhusu shati?

BABU: Nilijibu, hukusikia. Nimelifua jana.

BIBI: Wewe? Hata sabuni inapokaa hupajui.

BABU: Kwenye ndoo ya buluu, chini ya meza. Ulinionyesha usiku ule kabla hujasafiri.