Muhtasari wa Sura ya Mpango wa Uuguzi, pamoja na Kisa cha Mtoto A

Wenzangu wa kikundi cha Jumanne, sura ni ndefu lakini hoja yake ni moja: daktari hutibu ugonjwa, muuguzi humhudumia mtu jinsi ugonjwa ulivyomwathiri. Kisa nimekitunga kutokana na yale tunayoyaona wodini hapa Kisumu. Si faili ya mtu.

Tahadhari ya maneno kwanza. Wengi wetu tunaita hatua ya kwanza "tathmini" na ya tano pia "tathmini", halafu kwenye mtihani tunajichanganya. Humu ya kwanza nitaiita uchunguzi.

Uchunguzi. Mtoto A ana miezi 14 na kilo 9, anatoka Nyalenda. Mama yake anasema, "Sista, tangu juzi anaharisha maji matupu. Jana nimehesabu mara saba, na ametapika mara mbili. Nimempunguzia kunyonya ili tumbo lipumzike." Maji ya kunywa hununua kwa mtungi na hayachemshi. Hayo ndiyo aliyotuambia. Tuliyoyaona na kuyapima wenyewe: joto 37.6, mapigo ya moyo 140 na pumzi 38 kwa dakika, macho yamebonyea, ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole, analialia, na akipewa kikombe anakigombania. Kinyesi hakina damu. Makalio yameanza kuwa mekundu. Msichanganye mafungu hayo mawili, na msiandike "mtoto ana hali mbaya". Andikeni mlichokiona.

Utambuzi wa kiuuguzi. Hapa ndipo alama zetu hupotelea. Ukiandika "ugonjwa wa kuhara" umenakili kazi ya daktari. Utambuzi wetu una sehemu tatu, yaani tatizo, chanzo na ushahidi:

Upungufu wa maji mwilini unaotokana na kuharisha na kutapika, unaothibitishwa na macho kubonyea, ngozi kurudi polepole na kiu kali.

Wa pili: Upungufu wa maarifa kwa mama kuhusu kumlisha mtoto anayeharisha, unaotokana na kukosa maelezo, unaothibitishwa na kauli yake kwamba amepunguza kunyonyesha.

Wa tatu ni hatari ya ngozi ya makalio kuchubuka kutokana na kinyesi cha mara kwa mara. Huu una sehemu mbili tu. Tatizo bado halijatokea, ushahidi utautoa wapi? Siku ngozi ikichubuka, utambuzi unabadilika na si hatari tena.

Mpango. Panga kwa uzito: maji kwanza, kwa sababu ndiyo yanayoweza kumuua leo. Lengo liwe na muda na liweze kupimika. "Mtoto atapata nafuu" si lengo. Hili ndilo: ndani ya saa 4 mtoto atakuwa amekunywa mililita 675 za ORS, ngozi itarudi mara moja ikifinywa, na atakuwa amekojoa angalau mara moja. Hiyo 675 ni mililita 75 kwa kila kilo, mara kilo 9.

Utekelezaji. Kila tendo liambatane na sababu yake, msahihishaji huitafuta. Mama anampa ORS kwa kijiko, kidogo kidogo, kwani akinywa kwa pupa atatapika. Akitapika, subirini dakika 10 kisha mwendelee taratibu. Kwa nini ORS na si maji matupu? Sukari iliyomo husaidia utumbo kufyonza chumvi, na maji huifuata chumvi. Kunyonya kunaendelea, maana ni maji na chakula kwa pamoja. Zinki miligramu 20 kila siku hupunguza muda na ukali wa kuhara. Atamaliza dozi hata kinyesi kikigeuka kigumu. Makalio yasafishwe kwa maji, yakaushwe, yapakwe mafuta mazito. Andika saa ya kila tendo ukishalifanya, usingoje mwisho wa zamu.

Tathmini. Linganisha na lengo, si na matumaini yako. Baada ya saa 4 Mtoto A amekunywa mililita 600, ametapika mara moja, ngozi inarudi mara moja, amekojoa, ametulia. Macho bado yamebonyea kidogo. Lengo limefikiwa kwa sehemu: kiwango cha ORS hakikutimia. Hata hivyo, dalili iliyobaki ni moja tu, kwa hiyo haingii tena kwenye kundi la walioishiwa maji kiasi. Mpango unarekebishwa: ataendelea nyumbani na ORS mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha.

Kuhusu maarifa, usiandike "mama ameelewa". Andika alichofanya: amechanganya pakiti ya ORS mbele yetu kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, na ametaja mwenyewe yatakayomrudisha haraka, yaani damu kwenye kinyesi, homa, mtoto kushindwa kunywa au kunyonya. Makalio bado ni mekundu, hayajachubuka. Utambuzi wa tatu unabaki wazi.