Barua ya mwisho wa ajira na malipo ya mwisho (inafuta barua ya 6 Juni 2025)

Kumb. Na. RW/AJ/0417/2
16 Juni 2025

Bi. Rehema,
Msimamizi wa Ghala (Na. ya ajira 0417)

YAH: KUKOMA KWA AJIRA YAKO NA HESABU YA MALIPO YA MWISHO

Rejea barua yetu ya 6 Juni na malalamiko yako ya maandishi ya 10 Juni.

Barua ile ilisema tunakudai shilingi 655,000. Tumerudia hesabu kwa kupitia jalada lako karatasi kwa karatasi, na ukweli ni kwamba sisi ndio tunaodaiwa. Tafadhali ichukulie barua hii kuwa ndiyo sahihi. Ile ya kwanza imefutwa na nakala yake haitabaki kwenye jalada lako. Tunakuomba radhi.

Ajira yako ilianza 1 Machi 2021 na imekoma 31 Mei 2025 kwa wewe mwenyewe kuacha kazi. Mshahara wa Mei ulishalipwa pamoja na wa wenzako na mchango wa pensheni wa mwezi huo ukapelekwa, hivyo havimo humu. Hesabu zote zinatumia mshahara wako wa msingi, shilingi 780,000 kwa mwezi, ambao ukigawanywa kwa siku 26 za kazi unatoa shilingi 30,000 kwa siku.

Notisi. Hapa ndipo tulipokosea zaidi. Barua ya kwanza ilikukata mshahara wa mwezi mzima kana kwamba uliondoka ghafla. Barua yako ya kuacha kazi ina mhuri wetu wa kupokelewa 30 Mei, na ndani yake unatupa notisi ya mwezi mmoja kama mkataba unavyotaka. Mchana wa siku hiyo hiyo sisi tukakuandikia ukabidhi funguo kesho yake na usiendelee kuja. Aliyekatisha notisi ni mwajiri, kwa hiyo mwajiri ndiye anayeilipa: shilingi 780,000.

Likizo. Unastahili siku 24 za kazi kwa mwaka, yaani siku 2 kwa kila mwezi uliofanya kazi, na mwaka wako wa likizo huanza 1 Machi. Katika mwaka ulioishia Februari 2025 ulichukua siku 13, zikabaki 11. Machi, Aprili na Mei zinaongeza siku 6, ambazo barua ya kwanza haikuzihesabu kabisa. Vilevile ilizitoa siku mbili za 14 na 15 Aprili ikiziita likizo, wakati cheti cha daktari cha siku hizo kimo ndani ya jalada, kimebanwa nyuma ya fomu ya mahudhurio. Hizo ni siku za ugonjwa. Jumla ni siku 17 kwa shilingi 30,000, sawa na shilingi 510,000.

Makato. Karadha ya mshahara uliyochukua Januari ilikuwa shilingi 300,000. Ulikatwa 60,000 kila mwezi kuanzia Februari hadi Mei, jumla 240,000. Salio ni shilingi 60,000, nawe ulisaini kwamba likibaki salio likatwe kwenye malipo ya mwisho. Shilingi 85,000 za kioo cha simu ya kazi tumeziondoa. Fomu uliyosaini siku ya kukabidhiwa simu hiyo ina maneno "kioo kina ufa kona ya juu kulia", kwa mwandiko wa mtunza stoo wetu. Hatuwezi kukutoza ufa ulioukuta.

Kwa kifupi hesabu imekaa hivi:

Malipo badala ya notisi: 780,000
Likizo, siku 17: 510,000
Jumla kabla ya makato: 1,290,000
Kodi ya mapato: 193,500
Salio la karadha: 60,000
Jumla ya makato: 253,500
Utakachopokea: shilingi 1,036,500

Fedha hizi zitaingizwa Ijumaa, 20 Juni 2025, kwenye akaunti ile ile ya benki uliyokuwa ukipokelea mshahara. Hati ya mchanganuo wa malipo, cheti chako cha utumishi na nakala ya fomu ya makabidhiano ya 31 Mei vimeambatishwa. Huna kifaa chetu hata kimoja unachodaiwa.

Nakala ya pili ya barua hii ina nafasi ya sahihi yako. Ukisaini unathibitisha kuwa umeipokea tu; hujasema umeridhika na hesabu, wala hujaacha haki yoyote uliyo nayo kisheria. Ukiona tarakimu isiyokaa sawa, niandikie mimi moja kwa moja, usipitie ghalani. Malipo ya Ijumaa hayatasubiri majibu yako.

Wako katika kazi,

(Sahihi)
Meneja Rasilimali Watu

Nakala: Mhasibu wa Mishahara, Jalada Na. 0417