Nauza suti ya vipande viwili iliyotumika, bluu nyeusi, kifua sm 54 ikilazwa (vipimo vyote ndani)

Habari wadau, nauza suti yangu koti na suruali, kitambaa sufu tupu, nimeivaa kwenye sherehe na vikao tu na sasa mwili umeongezeka hainiingii tena. Lebo inasema 50 lakini usiifuate maana imeshapita kwa fundi, fuata vipimo hivi nimepima mwenyewe koti limelazwa mezani limefungwa vifungo.

Kifua kwapa hadi kwapa sm 54, yaani mzunguko 108, kwa hiyo mwenye kifua cha kama 98 hadi 101 ndo itamkaa vizuri, 104 utaingia ila itakubana ukifunga kifungo. Bega mshono hadi mshono sm 46. Hapo kwenye bega naomba uwe makini sana kabla hujanitumia meseji, kiuno fundi anarekebisha na mkono anarekebisha ila bega kulibomoa ni kazi kubwa na mara nyingi koti linaharibika shepu, kama bega lako ni 49 hii sio yako ndugu yangu. Mkono kutoka mshono wa bega hadi mwisho sm 63, urefu mgongoni chini ya kola sm 74.

Marekebisho: kiuno cha koti kilipunguzwa pembeni, sasa ni sm 49 ikilazwa, kitambaa cha ziada hakijakatwa kipo ndani ya mshono. Mikono ilifupishwa sm 2 na imekunjiwa ndani, inaweza kuachiwa, na uzuri vifungo vya mkono ni vya urembo matundu hayajakatwa kwa hiyo fundi hatapata shida, ila alama ya pindo la zamani inaweza kuonekana kidogo mpaka ipigwe pasi ya mvuke. Mabega na kola havijaguswa kabisa.

Bitana ni nusu, mbele kote na juu ya mgongo, chini mgongoni hakuna so haichemshi, mikono ina bitana yote ya mistari. Kwapa la kulia bitana ilichanika ikashonewa kiraka cha rangi ileile, kwa nje hakionekani, picha ya tatu nimeigeuza ndani nje ukione.

Suruali kiuno sm 86, mguu kwa ndani sm 79, pindo lina sm 4 za kuachia. Haina marinda. Mapajani kwa ndani kitambaa kimeanza kulainika, hakijatoboka.

Chukua koti lako linalokukaa vizuri, lilaze, lipime hivyohivyo halafu linganisha, usipime mwili. Siuzi koti peke yake. Bei inboksi, nitumie kifua na bega la koti lako kabisa nikuambie ukweli kama itakukaa.