Wageni wa Mkutano: Usafiri na Laini ya Simu

Nikitua, nani atanipokea?
Dereva wetu, mwenye bango la mkutano, kwenye mlango wa wanaowasili. Gari la mwisho huondoka saa 4 usiku. Ukichelewa, panga foleni rasmi ya teksi. Anayekufuata ndani ya ukumbi wa wanaowasili akikupa usafiri, mpite tu.

Laini ninunue wapi?
Duka la kampuni ya simu, palepale uwanja wa ndege. Beba pasipoti kwa ajili ya usajili, na usiondoke kabla intaneti haijafunguka.

Na programu ya teksi?
Ipakue na kujisajili ukiwa kwenu, maana namba ya uthibitisho hutumwa kwenye laini yako ya zamani (usiitupe!). Gari likifika, linganisha namba zake na za kwenye programu. Kisha dereva ndiye ataje jina lako, usimtajie wewe.