Majibu kwa wapitiaji wa makala "Bandari Kabla ya Reli: Dar es Salaam hadi 1916"

Dar es Salaam, 14 Machi 2024

Ndugu Mhariri na wapitiaji wa makala yangu,

Nawashukuru kwa kuisoma makala hii kwa makini. Majibu yangu ni haya. Mabadiliko yamewekewa rangi katika rasimu mpya.

Mpitiaji wa Kwanza

*"Reli ya Kati ndiyo iliyoijenga Dar es Salaam, mwandishi anaipunguzia uzito."*

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, nami naomba kutofautiana nayo kwa sehemu. Wajerumani walihamisha makao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza 1905 na kufika Morogoro 1907. Yaani kwa miaka 14 mji ulikuwa makao ya serikali pasipo hata taruma moja. Tena Tanga ilianza kujengewa reli 1893, na makao makuu hayakuhamia huko. Kilichowavuta ni bandari: hapa meli kubwa hujihifadhi ndani ya mkono wa bahari, ilhali Bagamoyo maji ni machache, meli zikatia nanga mbali na mizigo ikashushwa kwa mashua.

Kuhusu biashara, mpitiaji amesema kweli. Misafara ya bara iliendelea kushukia Bagamoyo hata baada ya 1891, na reli ilipofika Tabora 1912, kisha Kigoma 1914, ndipo njia ile ilipokufa. Aya mbili mpya (uk. 11) zinatenganisha kuhama kwa serikali na kuhama kwa biashara.

*"Ramani ingesaidia."*

Imeongezwa, uk. 4.

Mpitiaji wa Pili

*"Kwa nini makala isianzie 1887, walipofika Wajerumani?"*

Kwa sababu kampuni yao ilipoweka kituo hapa haikukuta pori. Palikuwa na kijiji cha Mzizima, na katika miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar alikwisha kuanza kujenga mji. Alifariki 1870, na mdogo wake Barghash hakuuendeleza mradi ule, lakini majengo yalibaki na Wajerumani wakayatumia. Boma la Kale lingali limesimama karibu na bandari. Tukianzia 1887 tunawafuta Wazaramo na Washomvi katika historia ya mji wao. Hilo, kwa heshima zote, siwezi kulikubali.

*"Kariakoo haimo."*

Kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, iliyoipa Kariakoo jina lake, ilikuja baada ya mji kutekwa Septemba 1916, mahali makala inapoishia. Naomba tusiiongeze.

*"Vyanzo vya Kiswahili ni vichache."*

Nakubaliana kabisa. Nimetumia gazeti la *Kiongozi*, lililoanza Tanga mwaka 1904, ila kwa tahadhari, maana lilichapishwa chini ya serikali ya kikoloni (uk. 17–19).

Nakala za mafaili ya Nyaraka za Taifa niliyoyanukuu nimeziambatisha, ili wapitiaji wazilinganishe na maandishi yangu.

Wenu katika taaluma,
Mwandishi wa makala