Sehemu ya usanifu wa jaribio: tuna viwanja 6, si marudio 90

Mwenzangu,

Nimesoma rasimu yetu kuhusu athari ya kuzuia mifugo kwa uzito wa nyasi, nikakwama kwenye tarakimu moja: df = 88. Nikajiuliza imetoka wapi, maana viwanja tulivyozungushia uzio ni 3, na vilivyoachwa wazi kwa mifugo ni 3. Imetoka kwenye fremu za kupimia nyasi. Tuliweka 15 kila kiwanja, zikawa 90, na tumezihesabu zote kama marudio yanayojitegemea.

Hazijitegemei. Mifugo haikuzuiwa fremu kwa fremu, ilizuiwa kiwanja kwa kiwanja. Kumbuka kiwanja cha 2, chenye kile kibonde kinachotuamisha maji: karibu kila fremu pale ilitoa nyasi nzito. Fremu 15 zinatueleza vizuri zaidi habari za kiwanja hicho, lakini hazituongezei kiwanja kingine. Tungepima hata fremu 1,000, vyenye uzio vingebaki 3. Ndiyo marudio bandia aliyoyaeleza Hurlbert mwaka 1984, nami niliupitisha mpango wetu bila kuyaona.

Digrii za uhuru ni 4. Kizingiti cha t kwa asilimia 5, pande mbili, kinapanda kutoka 1.99 hadi 2.78. Tukokotoe upya kwa wastani wa kila kiwanja:

```r
w <- aggregate(uzito ~ kiwanja + uzio, data = d, FUN = mean)
t.test(uzito ~ uzio, data = w, var.equal = TRUE)
```

Huenda matokeo yakapoteza nguvu. Nakubali, kuliko mfugaji kuambiwa afunge malisho yake kwa ushahidi ambao hatukuwa nao.

La pili linanisumbua zaidi, kwa sababu hakuna hesabu itakayolitibu: vyenye uzio vyote viko juu ya mteremko, ambako nguzo zilishika. Lazima tuliseme. Naomba aya ya zamani ifutwe, hii iingie:

«Kitengo cha jaribio kilikuwa kiwanja. Viwanja 3 vilizungushiwa uzio kuzuia mifugo na 3 viliachwa wazi (n = 3 kwa kila hali). Katika kila kiwanja tulikata na kupima nyasi ndani ya fremu 15 za mita 1 ya mraba. Fremu hizi ni sampuli ndogo, si marudio, na wastani wake ndio uliotumika katika ulinganisho. Viwanja havikugawiwa kwa kura: vyenye uzio vyote vilikuwa sehemu ya juu ya mteremko. Kwa hiyo athari ya kuzuia malisho haiwezi kutenganishwa kikamilifu na athari ya mahali. Uzito wa nyasi haukupimwa kabla ya uzio kuwekwa. Kwa viwanja 3 kila upande, jaribio lina uwezo mdogo wa kubaini tofauti ndogo, na kukosekana kwa tofauti kusichukuliwe kuwa uthibitisho kwamba malisho hayana athari.»

Kwenye muhtasari pia, «n = 90» iondoke, na neno «yamesababisha» liwe «yanaambatana na».